Nebulaiza ya mtoto nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wazazi na walezi wa Mtwara na Lindi ambao mtoto wao amepimwa, akaambiwa ana pumu au kifua kinachobana mara kwa mara, na daktari akakubali atumie nebulaiza nyumbani. Tunazungumzia mashine ya kawaida inayouzwa kwa wingi, ile yenye kompresa inayonguruma, mpira mrefu, kikombe cha dawa na maski. Mtoto akiwa amebanwa sasa hivi, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho, "Lini mashine haitoshi".

## Kuijua mashine

Nebulaiza inampa mtoto oksijeni?

Hapana, na kosa hili ndilo linalochelewesha watoto wengi kufika hospitali. Kompresa inavuta hewa hii hii ya chumbani, inaisukuma kwa nguvu kupitia tundu dogo chini ya kikombe, na hewa hiyo inaichana dawa kuwa ukungu. Mtoto anavuta hewa ya kawaida yenye dawa ndani yake. Ukiona hospitalini wanatumia maski inayofanana na yako, mara nyingi kule ukungu unasukumwa na oksijeni kutoka kwenye mtungi au mashine maalumu. Ya kwako haifanyi hivyo.

Kwa hiyo mtoto ambaye midomo imebadilika rangi hatapona kwa kuongezewa dakika za ukungu nyumbani. Kinachomfaa hakipo ndani ya ile mashine.

Kila kikohozi au mafua yanahitaji nebulaiza?

Hapana. Dawa inayowekwa mara nyingi, salbutamoli, inalegeza misuli inayozunguka njia za hewa. Inasaidia pale misuli hiyo ilipokaza, kama kwenye pumu. Kikohozi cha mafua, makohozi ya kooni na pua iliyoziba havitokani na misuli kukaza, kwa hiyo ukungu huo hauna cha kulegeza.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja anastahili tahadhari zaidi. Wengi wao wakianza kutoa mlio wa filimbi kifuani kwa mara ya kwanza, siku mbili tatu baada ya mafua, wana maambukizi ya virusi yaliyovimbisha na kujaza ute kwenye vijia vyembamba vya mapafu. Salbutamoli kwa kawaida haiwasaidii. Usimwekee mtoto huyo dawa ya kaka yake, apelekwe akapimwe.

Nebulaiza ni bora kuliko inhela?

Watu wengi wanaamini hivyo kwa sababu mashine ni kubwa, ina kelele na moshi unaonekana. Lakini kwa kifua kilichobana kidogo au wastani, inhela ya salbutamoli ikipulizwa kupitia spesa, yaani chupa au chemba ya katikati, inafanya kazi sawa na nebulaiza, tena haihitaji umeme wala kuchemshwa. Faida ya nebulaiza ni kwa mtoto asiyeweza kabisa kutulia na spesa, au pale daktari anapotaka dawa ambayo mtoto ataipata vizuri zaidi kwa njia hiyo.

Ushauri wetu: hata ukiwa na nebulaiza, inhela na spesa zisikosekane ndani. Sababu utaiona kwenye swali la umeme.

## Dawa na maji ya kuchanganyia

Niweke dawa kiasi gani kwenye kikombe?

Kipimo ni kile alichokiandika daktari wa mtoto wako. Ili uelewe unachokisoma kwenye karatasi: kwa watoto wadogo kipimo cha kawaida cha salbutamoli ni miligramu 2.5 kwa mara moja. Matatizo yanaanza kwa sababu dawa hiyo inauzwa kwa maumbo tofauti. Kuna vichupa vidogo vya plastiki vya kutumia mara moja, vyenye miligramu 2.5 ndani ya mililita 2.5, na kuna vingine vyenye umbo hilo hilo lakini vina miligramu 5. Halafu ipo chupa ya maji mazito ya dawa, ambayo kila mililita 1 ina miligramu 5. Kwenye chupa hiyo, miligramu 2.5 ni nusu mililita tu, na lazima ipimwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mzazi aliyezoea vichupa vidogo akimimina mililita 2.5 kutoka kwenye chupa ya dawa nzito, amempa mtoto miligramu 12.5, yaani mara tano ya kipimo. Kila ukinunua dawa mpya, soma namba kabla ya kufungua, hata kama duka ni lile lile.

Dawa ikishapimwa, ujazo wa jumla kwenye kikombe uwe mililita 3 hadi 4, ukiongezea maji ya chumvi. Sababu ni kwamba kikombe kinabakiza chini kama mililita 1 ambayo haigeuki ukungu. Ukiweka mililita 2.5 peke yake, sehemu kubwa ya dawa inabaki kwenye plastiki. Ukifikisha mililita 4, kinachobaki ni kama robo tu.

Naweza kuchanganyia maji yaliyochemshwa, au maji ya sindano?

Yote mawili hayafai. Kinachotakiwa ni maji ya chumvi ya hospitali, yaliyoandikwa asilimia 0.9. Kiwango hicho cha chumvi kinaendana na cha mwili. Maji matupu, hata yakiwa safi namna gani, yakifika kwenye njia za hewa zenye pumu huzichokoza na zinaweza kubana zaidi.

Maji ya sindano ndiyo mtego mkubwa, maana yanauzwa kwenye vichupa vya plastiki vya mililita 5 au 10 vinavyofanana kabisa na vya maji ya chumvi. Tafuta 0.9 kwenye maandishi. Isipokuwepo, kirudishe. Wala usitengeneze maji ya chumvi jikoni.

Nunua vichupa vidogo badala ya chupa kubwa ya dripu. Dripu ya nusu lita ikishatobolewa haina kinga dhidi ya vijidudu, na kwa joto la Mtwara haichukui muda kuwa chanzo cha maambukizi. Kichupa kidogo ukikifungua, kinachobaki kinamwagwa.

Vipi kuhusu mafuta ya mkaratusi, karafuu, au dawa ya kuchua kifuani?

Usiweke. Mafuta yakigeuzwa ukungu yanakwenda kukaa kwenye mapafu, na mapafu hayana njia rahisi ya kuyatoa. Yanasababisha uvimbe unaofanana na nimonia. Sharubati ya salbutamoli ya kunywa nayo si ya kikombe, ina sukari na vitu vingine. Vivyo hivyo kwa dawa za sindano na viuavijasumu, isipokuwa daktari ameandika mahususi kwamba viingie kwenye nebulaiza.

Daktari ameandika pia budesonaidi. Nayo ni ya kufungua kifua?

Si kwa haraka. Budesonaidi inapunguza uvimbe polepole, kwa kutumiwa kila siku kama ilivyoandikwa. Mtoto aliyebanwa usiku anahitaji salbutamoli. Tikisa kichupa cha budesonaidi kwa upole kabla ya kufungua kwa sababu dawa hutuama, na baada ya kumaliza mnawishe mtoto uso na kumsukutua mdomo (mtoto mchanga mpe maji au ziwa), la sivyo anaweza kupata utandu mweupe kinywani na upele mashavuni.

## Kumpa mtoto dawa

Hatua ni zipi, kwa mpangilio?

Nawa mikono kwa sabuni. Weka kompresa mezani au juu ya kiti, si sakafuni wala kitandani, kwa sababu inavuta vumbi na godoro linaziba matundu ya hewa. Fungua kikombe uhakikishe kile kidude kidogo cha ndani kipo mahali pake; bila hicho dawa inachemka tu bila kutoa ukungu. Mimina dawa na maji ya chumvi, funga, chomeka mpira chini ya kikombe na upande wa pili kwenye kompresa, kisha maski juu.

Mkalishe mtoto wima mapajani, mgongo wake ukiegemea kifua chako. Washa, ukishaona ukungu, funika pua na mdomo. Maski iguse ngozi pande zote. Kikombe kisimame, kikilala, dawa inakimbia tundu na ukungu unakatika. Aendelee kupumua kawaida. Hakuna haja ya kumwambia avute kwa nguvu.

Hataki maski. Naweza kuishikilia mbele ya uso bila kugusa?

Ni jambo linalofanywa kila mahali na halisaidii. Maski ikikaa mbali na uso hata kwa sentimita mbili, dawa inayofika kifuani inashuka sana, na iliyobaki inakwenda machoni na hewani. Anayelia naye anapata kidogo, kwani kulia ni kutoa pumzi ndefu na kuvuta kifupi kwa haraka, hivyo ukungu unaishia kooni.

Afadhali utumie dakika chache kumtuliza. Mwache aishike maski mashine ikiwa imezimwa, mvalishe mdoli au wewe mwenyewe, kisha washa mashine kabla ya kuisogeza ili azoee kelele. Ikishindikana, sitisha, mtulize, uendelee. Mtoto aliyelala anaweza kupewa ikiwa maski inakaa vizuri. Lakini kama usingizi wake ni wa kutoamka ukimtikisa, huo si usingizi. Soma sehemu ya mwisho.

Inachukua dakika ngapi, na nitajuaje imekwisha?

Mililita 3 hadi 4 kwa kawaida huchukua dakika 5 hadi 10. Karibu na mwisho kikombe huanza kutatarika na ukungu kukatikakatika. Kigonge kwa kidole mara kadhaa matone ya ukutani yashuke. Kikitatarika tena bila kutoa ukungu, zima. Kinachobaki usikihifadhi kwa ajili ya baadaye.

Siku mashine ikiwa mpya, pima kwa saa inachukua dakika ngapi na uandike kwenye boksi lake. Namba hiyo itakufaa baadaye (tazama swali la ukungu kupungua).

Baada ya dawa anatetemeka mikono na moyo unakwenda mbio. Nimemzidishia?

Kutetemeka kidogo, moyo kwenda kasi na kuchangamka kupita kawaida ni tabia ya salbutamoli, na hupungua ndani ya saa chache. Ikiwa moyo unadunda kupita kiasi, anatapika au unashuku ulipima vibaya kutoka kwenye chupa ya dawa nzito, mpeleke hospitali na chupa yenyewe mkononi.

## Kusafisha na kutunza

Kila baada ya kutumia nifanye nini?

Mwaga mabaki, tenganisha kikombe, kidude cha ndani na maski, suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kung'uta, panga juu ya kitambaa safi au karatasi ya jikoni. Mara moja kwa siku, siku ambazo mashine imetumika, ongeza kuosha kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, kisha suuza. Maji ya kisima au ya bomba yasiyochemshwa yasiwe ya mwisho kugusa kikombe, kwa sababu vijidudu vya majini ndivyo vinavyopenda kubaki kwenye plastiki yenye unyevu, na mashine inavipeleka ndani kabisa ya mapafu, mahali ambapo kikohozi cha kawaida hakivifikii.

Nichemshe vifaa vyote?

Kuchemsha ndiyo njia tunayoipendekeza kuua vijidudu, haina gharama ya dawa na haiachi harufu. Lakini soma karatasi ya mashine kwanza. Vikombe vingi vya kurudia vinavumilia kuchemshwa. Vile vyepesi vya kutumia mara chache vinapinda. Maski laini na mpira mrefu kwa kawaida havichemshwi.

Osha kwanza, kwani uchafu hukinga vijidudu. Tumbukiza kikombe na kidude chake kwenye maji yanayochemka, yawe mengi ili plastiki isiguse chini ya sufuria, na acha yachemke dakika 5. Mwaga maji, acha vipoe, vikauke. Kwa mtoto mwenye pumu inatosha kufanya hivi kila baada ya siku moja au mbili za matumizi. Mwenye ugonjwa unaopunguza kinga, fuata ratiba ya daktari wake.

Siki huzungumzwa sana mitaani. Inaondoa ukoko wa chumvi, ila haiui vijidudu vyote, hivyo isichukue nafasi ya kuchemsha.

Hapa pwani vitu havikauki. Nifanyeje?

Kifaa kilichofungiwa kwenye mfuko kikiwa na unyevu ni kibaya kuliko kilichosuuzwa haraka haraka. Miezi ya mvua, ukishakung'uta, chomeka kikombe kwenye mpira na uwashe kompresa kwa dakika moja bila dawa; hewa inafukuza maji kwenye tundu. Kisha tandaza vifaa ndani ya nyumba, chini ya chandarua cha kufunikia chakula, mbali na moshi wa jiko. Kuvianika nje juani kunavikausha, lakini kunavibebesha vumbi na inzi, na jua kali linafanya plastiki ikakamae na kupasuka. Vikikauka kabisa ndipo viingie kwenye kopo safi lenye mfuniko.

Mpira una matone ya maji ndani. Niuoshe?

Usiuoshe kwa ndani. Ni mwembamba na mrefu, maji hayatoki. Uache umechomekwa kwenye kompresa peke yake, washa hadi ukauke. Ukiona weusi wa ukungu wa kuvu, rangi ya dawa au ufa, nunua mwingine. Nje unafutwa kwa kitambaa chenye unyevu. Kompresa yenyewe inafutwa hivyo hivyo, ikiwa imechomolewa ukutani.

Chujio liko wapi?

Ni kipande kidogo cha sponji au nyuzi, nyuma ya kifuniko kidogo kwenye kompresa. Likigeuka kijivu, libadilishe. Mengi hayaoshwi, maana yakilowa yanaziba. Lisichomolewe kabisa "ili mashine ipumue": hewa ya chumbani itaingia na vumbi lake lote. Msimu wa salfa mashambani kote kwenye mikorosho lichungulie kila wiki.

Ukungu umepungua. Mashine imekufa?

Mara nyingi tatizo ni kikombe. Rudi kwenye ile namba uliyoandika. Kama mililita 4 zilikuwa zinamalizika kwa dakika 8 na sasa zinachukua 18, mtoto hapati dawa ipasavyo, naye atachoka na maski kabla ya kumaliza.

Anza na rahisi. Kidude cha ndani kipo? Mpira umebanwa na mguu wa kiti, au umelegea kwenye ncha? Chujio limeziba? Kisha angalia tundu dogo katikati ya kikombe. Chumvi ya dawa hujikusanya pale. Loweka kwenye maji ya moto yenye sabuni, suuza, jaribu tena. Usilitoboe kwa sindano wala pini: likipanuka hata kidogo, matone yanakuwa makubwa na yanaangukia kooni badala ya kifuani. Vikombe vinachakaa, kwa hiyo ukijaribu kikombe kipya na ukungu ukarudi, umepata jibu kwa bei ndogo. Kikombe kipya kikitoa ukungu ule ule dhaifu, ndipo kompresa iangaliwe, au nguvu ya umeme, ambao jioni ukishuka unailegeza mashine.

Watoto wawili wanaweza kutumia mashine moja?

Kompresa, ndiyo. Kikombe na maski, kila mmoja na vyake, vimewekwa alama.

## Umeme ukikatika

Umeme umekatika katikati ya dawa. Nifanye nini?

Ndiyo sababu ya inhela na spesa. Puliza idadi ya mipulizo aliyoandika daktari kwa ajili ya dharura, mmoja mmoja, na kila mpulizo mtoto avute pumzi tano au sita ndani ya spesa kabla ya mwingine. Tikisa inhela kila mara.

Huna spesa ya dukani? Chupa safi ya plastiki ya maji ya nusu lita inatosha. Toboa kitako chake kwa kipande cha chuma kilichopashwa moto, tundu liwe na umbo la mdomo wa inhela, inhela ikae imebana bila upenyo. Mdomo wa chupa ndio mtoto anaozungushia midomo, au unaubandika maski kwa mdogo. Utafiti uliofanyika Cape Town na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chupa kama hiyo, ikizibwa vizuri, ilifanya kazi sawa na spesa ya kununua kwa watoto wenye pumu. Ioshe kwa sabuni ya vyombo uiache ikauke bila kuifuta, maana kusugua kunaipa plastiki umeme tuli unaonasa dawa.

Kwa sola yenye inveta, soma wati nyuma ya kompresa na uhakikishe inveta inazidi mara mbili, kwa sababu mota inapoanza hunyonya zaidi. Usisubiri usiku wa dharura kuijaribu.

## Lini mashine haitoshi

Niangalie nini kabla na baada ya dawa?

Mambo matatu, na saa yenye mshale wa sekunde. Mvue shati. Hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa hajalia: kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za kasi, wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Angalia kifua cha chini: kinabonyea ndani anapovuta? Sikiliza kama anaweza kusema sentensi, kunyonya au kunywa. Andika. Baada ya dawa subiri dakika 20, rudia yote matatu. Kukisia kwa macho usiku wa manane kunadanganya, kwa sababu kila mzazi anataka kuona nafuu.

Ni dalili zipi za kuondoka hapo hapo?

Midomo au ulimi wa rangi ya bluu au kijivu. Kushindwa kunyonya, kunywa au kusema maneno machache bila kukata pumzi. Kusinzia kusiko kwa kawaida, kulegea au kuchanganyikiwa. Kifua kubonyea ndani sana, au kichwa kutikisika kila pumzi. Degedege. Ukiwa na kipimo cha kidoleni, oksijeni chini ya 92 kwenye kidole chenye joto kisichotikisika. Dalili moja tu inatosha. Dawa apewe wakati usafiri unatafutwa, si badala ya usafiri.

Mlio wa filimbi umeisha lakini bado anahema. Amepona?

Inaweza kuwa kinyume chake. Filimbi inahitaji hewa ipite. Njia zikibana sana hewa haitoshi kupiga mlio, na kifua kinanyamaza. Mtoto aliyepona ananyamaza kifua, anacheza, anaomba chakula. Mtoto anayechoka ananyamaza kifua, anakaa kimya, macho mazito. Huyo wa pili ana hatari kuliko alipokuwa analia kwa sauti.

Naweza kurudia dawa mara ngapi usiku mmoja?

Kipimo kimoja kikifanya kazi, nafuu inapaswa kudumu angalau saa 4. Hiyo ndiyo mizani. Salbutamoli inalegeza misuli tu; uvimbe wa ndani ya njia za hewa haiugusi. Nafuu inapofupika, maana yake uvimbe unashinda, na anahitaji dawa nyingine, kwa kawaida vidonge au sharubati ya prednisoloni, ambayo inachukua saa kadhaa kufanya kazi. Ukichelewa kwenda, na hiyo nayo inachelewa kuanza.

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka 3 aliyeko Mikindani. Saa 2 usiku anapumua mara 46 kwa dakika, kuna filimbi, kifua kinabonyea kidogo, anaongea. Anapewa miligramu 2.5. Saa 2:30, dakika 20 baada ya dawa kuisha, pumzi ni 34, kifua hakibonyei, anaomba uji. Hapa mashine imetosha. Saa 7 usiku anaamka anakohoa, pumzi 44. Ni saa 5 zimepita, kwa hiyo anapewa tena, na anashuka hadi 36. Bado ni sawa, ila asubuhi aonwe na daktari hata akiwa mzima. Sasa saa 9:30 anaamka tena, pumzi 48. Saa mbili na nusu tu zimepita. Filimbi ni ile ile, bado anaongea, hana hata dalili moja ya zile za kuondoka hapo hapo, na hapo ndipo wengi wanawasha mashine kisha wanasubiri kukuche. Huyu apewe dawa na aondoke sasa, kwa sababu nafuu imefupika kutoka saa 5 hadi 2.5. Na kama ile ya saa 2 isingemshusha kabisa baada ya dakika 20, safari ingekuwa wakati ule ule.

Niende wapi, na njiani nifanye nini?

Hili lijibiwe mchana, mtoto akiwa mzima. Uliza kituo cha karibu kama kinafunguliwa usiku na kama kina oksijeni. Kama hakina, ujue hospitali inayofuata, iwe Ligula au ile ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Mkomaindo na Ndanda kwa upande wa Masasi, Nyangao au Sokoine kwa upande wa Lindi. Hifadhi namba za madereva wawili wa bajaji au gari. Aliye Msangamkuu ahesabu na kivuko, hivyo kizingiti chake cha kuondoka kiwe cha mapema zaidi.

Njiani mtoto akae wima, asilazwe. Kwa mtoto aliyebanwa sana, inhela na spesa zinaweza kurudiwa kila dakika 20 hadi mfike. Beba dawa alizopewa na karatasi ya saa na hesabu za pumzi. Mhudumu ataanza na hiyo.

Ana homa pia. Nianze na mashine?

Kama ana pumu na kifua kinabana, mpe kipimo kimoja, lakini homa pamoja na kuhema kasi ni safari ya siku hiyo hiyo. Nimonia humfanya mtoto aheme, na malaria kali vile vile, na mikoa yetu bado ina malaria nyingi. Mtoto wa malaria kali anaweza kuhema kwa kina na kasi bila filimbi yoyote, na ukungu haumsaidii. Anahitaji kipimo cha damu.

Alikuwa mzima, ghafla akaanza kukohoa na kubanwa wakati anakula korosho.

Usiwashe mashine. Kubanwa kwa ghafla wakati wa kula au kuchezea kitu kidogo, hasa filimbi ikisikika upande mmoja wa kifua, ni kitu kilichoingia njia ya hewa mpaka ithibitike vingine. Korosho na karanga ndizo za kwanza kushukiwa kwa watoto wa chini ya miaka 4. Kama anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe na mwende hospitali. Usimwingize kidole kooni kutafuta usichokiona. Akishindwa kukohoa wala kutoa sauti, mpige mara 5 kati ya mabega akiwa ameinamishwa. Isipotoka, kandamiza tumbo juu ya kitovu mara 5 (mchanga wa chini ya mwaka, kandamiza kifua badala ya tumbo), urudie. Hata kikitoka, au dalili zikipungua baadaye, apelekwe. Kipande kinaweza kuwa kimeshuka chini zaidi.

Kila msimu wa salfa anahitaji mashine kila siku. Ni kawaida?

Ni ishara kwamba pumu yake haijadhibitiwa. Vumbi la salfa linalopulizwa kwenye mikorosho wakati wa maua huchokoza njia za hewa, na moshi wa kuchoma maganda ya korosho vile vile. Siku ya kupuliza jirani, mtoto aondolewe upande upepo unakoelekea, madirisha yafungwe, na mzazi aliyepuliza aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba. Lakini salbutamoli ikihitajika zaidi ya mara mbili kwa wiki, daktari aangalie dawa ya kila siku ya kupunguza uvimbe. Nenda naye kabla mikorosho haijaanza kutoa maua, kwa sababu dawa hiyo inahitaji wiki kadhaa kushika.